Omba Siku ya Kurudi

Mtoto aliyeombewa ruhusa ya siku mbili aghalabu hurudi darasani siku ya nne au ya tano. Nimeshika daftari la mahudhurio miaka mingi hapa Mafinga, na hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mzazi hakudanganya alipoandika siku mbili. Aliandika zile alizozijua, yaani ya kwenda na ya sherehe. Hakuihesabu siku ambayo gari lilijaa, siku ambayo wazee walisema kikao cha ukoo hakijaisha, wala Jumanne ambayo mtoto alibaki nyumbani kwa sababu sweta la shule lilikuwa bado bichi kwenye kamba.

Ndiyo maana mzazi anaponifuata kuniuliza namna ya kumwombea mtoto ruhusa aende kijijini, simwulizi kwanza anaondoka lini. Namwuliza anarudi lini, na gari gani, na nani.

Mji wetu una watu wa kila upande. Barabara kuu ya Mbeya na Zambia inapita katikati, misitu ya Sao Hill imeleta watu wa mbao, mashamba ya chai ya Mufindi yameleta wengine. Katika darasa moja nina Wahehe ambao kwao ni mwendo wa saa moja, Wabena wa Njombe, Wakinga wa Makete, Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela. Kila muhula huja barua za harusi, kipaimara, arobaini na kujengea kaburi. Mimi si mwalimu wa kuzikataa. Mjukuu asiyemwona babu yake akizikwa wala kaburi lake likijengewa, na asiyejua majina ya ndugu waliosimama pale, amekosa kitu ambacho sina kipindi cha kumfundishia. Lakini barua nyingi zinakuja vibaya, na anayeumia ni mtoto.

Nitaeleza kwa mfano wa familia moja ya hapa mjini, bila kuwataja. Baba anauza mbao, mama ana meza ya nguo sokoni. Wana watoto wawili: mvulana wa Darasa la Tano, darasa langu, katika shule ya kutwa, na dada yake wa Kidato cha Pili anayekaa bweni. Babu yao mzaa baba alifariki Machi kijijini, Makete, mbele ya Iwawa kuelekea Bulongwa. Mwishoni mwa Aprili baba mkubwa alipiga simu: kaburi litajengewa, ibada itakuwa Jumamosi tarehe 16 Mei, na wajukuu wote wanatakiwa. Akaongeza kwamba ingefaa wafike Jumanne ili wasaidie maandalizi, na wasiondoke kabla ya Jumatano inayofuata kwa sababu ukoo utakaa kuzungumza mambo ya shamba na ya bibi.

Hesabu hiyo kwa mtoto wa shule. Ili afike Jumanne lazima aondoke Jumanne hiyohiyo alfajiri, na akiondoka huko Jumatano atakuwa darasani Alhamisi. Ni siku saba za masomo, kwa ibada ya asubuhi moja. Mwaka wa masomo una siku 194 tu.

Kabla ya barua kuna hatua ambayo wazazi wengi huiruka, nayo ni kurudi kwa aliyepiga simu na kuzungumza tarehe. Siku ya kuzika haina mjadala. Lakini arobaini na kujengea kaburi hupangwa na watu wakiwa wamekaa, tena mara nyingi husogezwa kwa sababu ya mvua, mahindi, saruji au mtoto wa marehemu aliye mbali. Ikiwa tarehe inaweza kumsubiri mjomba wa Dar es Salaam, inaweza pia kusubiri likizo ya Juni. Neno hilo lisemwe mapema, na liletwe na mtu ambaye ukoo unamsikiliza. Mke akilisema yeye, wataona anawakatalia wakwe. Shangazi akilisema, limekuwa neno la nyumbani. Baba wa familia hii alimpigia dada yake mkubwa, na shangazi akalipeleka. Safari hii haikuwezekana, maana mchungaji alikuwa ameshapanga ziara yake na fundi ameshalipwa. Lakini kulizungumza kulisaidia jambo jingine: ukoo ulijua tangu Aprili kwamba mtoto ataondoka Jumapili, na hakuna aliyeshangaa siku ilipofika.

Hatua ya pili ilikuwa kutenganisha siku za watu wazima na siku za mtoto. Tumezoea kusafiri kama mzigo mmoja, wote kwenda na wote kurudi. Mama alihitajika jikoni mapema, kwa hiyo yeye alitangulia Jumanne. Baba alihitajika kwenye kikao cha ukoo. Mtoto alihitajika mahali pawili tu: Ijumaa, wajukuu wanapobeba maji na mchanga kumalizia kaburi na kulala pamoja nyumbani kwa bibi, na Jumamosi kwenye ibada. Kwa hiyo aondoke na baba Alhamisi asubuhi, arudi Jumapili. Nani atamrudisha? Hapo ndipo mipango mingi hufia. Waliamua mama ndiye atakayerudi na mtoto, na baba abaki kwenye kikao peke yake hadi Jumatano. Siku saba zikawa mbili, Alhamisi na Ijumaa, na hakuna mzee aliyekosewa heshima.

Sasa dada mtu. Kidato cha Pili kina upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, lakini Mei upimaji huo uko mbali, na peke yake usingemzuia. Kilichomzuia ni kwamba wiki hiyohiyo shule yake ilikuwa na majaribio ambayo alama zake zinaingia kwenye rekodi ya mwanafunzi. Baba alipiga simu shuleni kuuliza kabla ya kuomba, jambo la busara sana, maana ratiba ya majaribio haiko kwenye kalenda ya serikali, iko ukutani kwa mwalimu wa taaluma. Kumtoa mtoto bweni pia si kazi ndogo. Shule nyingi humkabidhi mwanafunzi kwa mzazi au mlezi ambaye jina lake liko kwenye fomu ya kujiunga, na ukimtuma binamu asiyejulikana, mlezi wa bweni atamrudisha getini mikono mitupu, na atakuwa amefanya kazi yake. Wazazi walizungumza na binti mwenyewe kwa simu ya matroni. Alilia. Baba alimwahidi kwamba likizo ya Juni watakwenda wawili, yeye na baba, na bibi ndiye atakayemwonyesha kaburi. Alimtajia na tarehe. Mtoto anayeachwa nyuma anahitaji tarehe yake kama vile mwalimu anavyohitaji tarehe ya yule anayekwenda.

Hapa niseme wazi madarasa ambayo mimi mwenyewe husita. Darasa la Saba kuanzia Julai, kwa kuwa mtihani wao huwa Septemba. Darasa la Nne, Kidato cha Pili na Kidato cha Nne kuanzia Septemba, kwa kuwa mitihani yao huja Oktoba na Novemba. Kidato cha Sita kuanzia Machi. Kwa hao, msiba wa karibu ndiyo, harusi ya binamu hapana. Darasa la Tatu, la Tano, Kidato cha Kwanza na cha Tatu wana nafasi zaidi, ilimradi si wiki ya mitihani ya muhula.

Barua yenyewe iende kwa nani? Iandikwe kwa mwalimu mkuu, ipitie kwa mwalimu wa darasa. Zile herufi mbili za K.K. kwenye anwani zina kazi. Mwalimu mkuu ndiye mwenye mamlaka ya kutoa ruhusa, lakini mwalimu wa darasa ndiye anayeita majina asubuhi na ndiye anayejua wiki ijayo kuna nini. Nimeona mzazi aliyempigia mwalimu mkuu simu, akaruhusiwa kwa mdomo, na mtoto akaandikwa mtoro siku tatu kwa sababu mwalimu mkuu alisafiri kikazi na hakumwambia mtu. Simu si mbaya, lakini itangulie au ifuate karatasi, isichukue nafasi yake. Karatasi inabaki kwenye faili hata mwalimu akihamishwa.

Ifike lini? Angalau wiki moja kabla, na aipeleke mzazi mwenyewe. Barua anayopewa mtoto asubuhi ya safari si ombi, ni taarifa, na mara nyingine haifiki kabisa, hubaki katikati ya daftari la sayansi. Tena kwenda shuleni mwenyewe kunakupa dakika kumi za kuuliza maswali ambayo barua haiwezi kuuliza.

Baba wa familia hii aliandika hivi, nami naiweka kwa sababu ni fupi na haikosi kitu:

Mafinga,
7 Mei.

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi (jina la shule).
K.K. Mwalimu wa Darasa la Tano.

YAH: KUMWOMBEA RUHUSA (jina kamili la mtoto), DARASA LA TANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni baba wa mwanafunzi aliyetajwa. Ninaomba aruhusiwe siku mbili, Alhamisi tarehe 14 na Ijumaa tarehe 15 Mei, ili aende nami Makete kwenye ibada ya kujengea kaburi la babu yake mzaa baba, itakayofanyika Jumamosi tarehe 16.

Atarudi Mafinga na mama yake Jumapili tarehe 17, na atakuwa darasani Jumatatu tarehe 18 asubuhi. Wakikwama njiani, mama yake atampigia mwalimu wa darasa Jumapili hiyohiyo jioni.

Ninaomba pia kujua masomo atakayoyakosa ili tumsimamie ayafanye.

Wako katika malezi,
(jina, sahihi na namba za simu za baba na mama)

Angalia kilichomo. Uhusiano wa mtoto na marehemu umetajwa, kwa hiyo mwalimu hana haja ya kujiuliza kama huyu ni babu wa kumzaa au babu wa mtaani. Tarehe ya kurudi imesemwa, na siku ya kuingia darasani imesemwa peke yake, kwa kuwa kufika mjini na kufika darasani ni vitu viwili. Anayemrudisha ametajwa. Na kuna ahadi ya simu, yenye siku na mtu wa kuipiga. Sentensi ya mwisho, ya kuomba masomo, ndiyo inayobadilisha uso wa mwalimu. Anajua anaongea na mzazi ambaye hajamwachia kazi yote.

Usiandike ugonjwa. Nalisema kwa uchungu, maana wazazi wema hufanya hivyo wakiogopa kukataliwa. Wanaandika mtoto ana malaria, na Jumatatu mtoto anakuja amesukwa nywele mpya, anawasimulia wenzake ng'ombe aliyechinjwa. Mwalimu anasikia. Aliyebaki na aibu ni yule mtoto, ambaye ameambiwa na mama yake asiseme na ana miaka kumi na moja. Na siku atakapougua kweli, barua yako haitakuwa na uzito. Sheria ya Elimu inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule bila kukosa, na hiyo ndiyo sababu walimu wanauliza maswali. Sijaona mwalimu mkuu mwenye akili timamu aliyemfuata mzazi kisheria kwa siku mbili za kaburi la babu alizozisema mapema na kwa ukweli. Kinachotusumbua ni ule tunaouita utoro wa rejareja, siku moja leo, mbili wiki ijayo, kila moja na sababu yake, hadi mtoto anakuwa mgeni kwenye darasa lake mwenyewe. Kabla ya kuandika barua mpya, hesabu zile ulizokwisha kuandika tangu Januari. Zikiwa tatu, mwalimu ataanza kuisoma ya nne kwa jicho jingine, na wewe ungefanya hivyo.

Nije kwenye masomo, kwa kuwa hapa ndipo wazazi wengi hudhani wamemaliza kumbe hawajaanza. Wanasema, “Ataazima daftari la mwenzake anakili.” Kwa jiografia na historia, kunakili kunatosha kwa kiasi fulani; mtoto akisoma alichonakili ataelewa. Hisabati haiko hivyo. Somo la Jumatatu limesimama juu ya la Ijumaa, na la Ijumaa juu ya la Alhamisi.

Wiki ile Darasa la Tano walikuwa kwenye sehemu. Alhamisi nilipanga kufundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Chukua robo na moja ya sita. Huwezi kuzijumlisha mpaka utafute kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6, ambacho ni 12. Robo inakuwa 3/12, moja ya sita inakuwa 2/12, jumla 5/12. Ijumaa ni mazoezi. Jumatatu tunaingia kutoa, kwa njia ileile. Mtoto akinakili tu mstari wa mwisho ataona 5/12 na hatajua 12 ilitoka wapi. Jumatatu atafanya kile watoto wanachofanya wakikwama: atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, apate 2/10. Ukiliona kosa hilo kwenye daftari, usimkaripie kwamba hakuwa makini. Ujue alikosa siku ya kigawe.

Kwa hiyo baba aliponijia tarehe 7, sikumpa orodha ya masomo yote. Nilimwambia jambo moja: kabla hajaondoka, mtoto aje Jumatano baada ya masomo, nikae naye nusu saa kwenye kigawe kidogo cha shirika. Nikampa mazoezi sita kwenye karatasi, matatu ya Ijumaa na matatu ya Jumapili. Mengine yote alinakili aliporudi. Mwalimu akikupa kazi ya kurasa kumi kwa siku nne za kijijini, mwombe akuchagulie mbili. Kurasa kumi hazitafanywa, na mtoto atarudi na deni linalomfanya aogope kuingia darasani.

Na mazoezi yafanyike wapi na saa ngapi? Si usiku. Usiku wa mkesha hakuna taa ya kusomea wala utulivu, na mtoto anataka kuwa na binamu zake, ndiyo sababu ya kwenda. Asubuhi ya Ijumaa, kabla chai haijaiva, robo saa inatosha kwa matatu. Baba alimkalisha kwenye kigoda nje, kwenye baridi ya Makete, na binamu wawili wakubwa wakaja kumsahihisha. Hilo sikulipanga.

Safari sasa. Kutoka Mafinga unakwenda hadi Makambako, unakunja kushoto kwenda Njombe, kisha kutoka Njombe hadi Makete ni zaidi ya kilomita 100 za lami kwenye milima. Tatizo haliko kwenye lami. Liko kwenye kile kipande cha mwisho kutoka barabara kubwa hadi kijijini, ambacho mvua za Machi hadi Mei hukigeuza utelezi, na kwenye magari ya Jumapili. Wageni wote wa sherehe wanataka kuondoka baada ya chakula cha Jumapili, kwa siti zilezile. Anayengoja ibada ya pili iishe na pilau iive anaondoka saa nane mchana, anafika Njombe giza limeingia, na hapo ama analala, ama anafika Mafinga usiku wa manane na mtoto aliyelala begani.

Mama wa familia hii alizungumza na dereva Ijumaa na kulipia siti mbili za gari la alfajiri ya Jumapili. Waliaga Jumamosi usiku, siyo Jumapili asubuhi. Hili la kuaga lina maana kubwa kwetu. Ukiaga asubuhi, bibi atakwambia subiri chai, kisha subiri kuku, kisha mchungaji aombee safari, na gari limeondoka. Ukiaga usiku, ukapiga magoti, ukaeleza kwamba mtoto ana shule, bibi atakubariki usiku huohuo na kufunga viazi na maharage kwenye mfuko. Asubuhi ni kuondoka tu. Walikuwa Mafinga kabla ya saa tisa alasiri.

Kuhusu sare, Mei na Juni Mafinga ni baridi na ukungu, na sweta likifuliwa Jumapili jioni halikauki Jumatatu, pengine hata Jumanne. Wazazi wengi hudhani uchovu ndio unaoiba Jumatatu. Mara nyingi ni sweta. Lifuliwe Jumatano jioni mtoto akishalivua, lianikwe ndani, likauke mkiwa safarini. Na lisiende kijijini. Mtoto anayevaa sweta la shule kwenye kaburi kwa kuwa ndilo zito kuliko yote atarudi nalo na simenti na tope. Azima koti.

Kuna neno la kumwambia mtoto kabla ya safari pia. Sherehe zetu zina ulanzi au pombe nyingine, zina watu wazima waliochangamka, zina malazi ya kubanana. Amua mapema atalala na nani, ukamkabidhi kwa jina kwa shangazi au mama mdogo mmoja, maana mtoto aliyekabidhiwa kwa “ndugu wote” hana anayemwangalia. Hili linamhusu mtoto wa kike na wa kiume vilevile.

Itakuwaje shule ikikataa? Kwanza uliza kilichoizuia, kwa upole, ukiwa umekaa. Mara nyingi ni kitu kimoja: jaribio la Ijumaa, mashindano, ukaguzi. Ukikijua, unaweza kuomba kipande badala ya kizima. Mtoto afanye jaribio la Ijumaa asubuhi, mwende Njombe mchana, mlale huko, na Jumamosi alfajiri mpande Makete. Atakosa mkesha na binamu, atawahi ibada. Mwalimu aliyekataa siku mbili anaweza kukubali nusu siku. Usiondoke na mtoto kwa nguvu baada ya kukataliwa. Nimeona hilo likifanyika, na mtoto alirudi akawa anatazama chini kila nilipomwita jina, kama vile yeye ndiye aliyegombana na shule.

Na mkikwama kweli? Mvua inanyesha, gari limezama, Jumapili imepita. Piga simu Jumapili jioni kama ulivyoandika. Sema uko wapi na utafika lini. Nikipata simu hiyo, Jumatatu namweka mtoto kwenye ruhusa bila kufikiri mara mbili. Nisipoipata, siwezi kujua kama mtoto yuko Ikonda hospitalini, yuko stendi Njombe, au ameachwa kijijini achunge ng'ombe wa babu. Hilo la mwisho limewahi kutokea: mtoto alikwenda arobaini kwa siku tatu, bibi akaonekana mpweke, ukoo ukaamua abaki naye “kidogo.” Tulimpata baada ya wiki saba. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ukoo ulikuwa unamhurumia bibi, na mtoto alikuwa pale karibu. Ikiwa kikao kitaanza kuelekea huko, mzazi ajibu palepale kwamba mtoto ana tarehe ya kurudi na mwalimu anaijua. Kama bibi anahitaji mtu wa kukaa naye, na mara nyingi anahitaji kweli, hilo lijadiliwe kama jambo lake, apatikane mtu mzima au mtoto ahamishwe shule kwa barua ya uhamisho, muhula ukiisha.

Jumatatu ile mtoto aliingia darasani amevaa sweta kavu. Alikuwa na usingizi kidogo, nikamwacha asinzie kipindi cha michezo. Alinipa karatasi ya mazoezi sita: matano sahihi, la sita alikuwa amekosea kuzidisha. Nikamwomba awaeleze wenzake kwao kukoje, naye akaeleza jinsi maji yanavyobebwa kutoka bondeni kumwagia simenti isipasuke.

Baada ya wiki moja nililipitia tena daftari lake la hisabati, na nakushauri mzazi ufanye hivyo Ijumaa ya wiki ya kurudi, siyo usiku wa kufika. Tafuta kurasa tupu zilizoachwa “nitanakili baadaye.” Tafuta alama nyekundu za kosa lilelile likijirudia siku tatu. Mwulize akufanyie hesabu moja ya siku aliyokosa, mbele yako, bila daftari. Akisema “hatujafika hapo,” na tarehe ya juu ya ukurasa wa mwenzake inasema walifika, njoo uniambie Jumatatu asubuhi, nitampa nusu saa nyingine.

Juni baba alimchukua binti bweni siku shule ilipofunga, wakalala Njombe, na siku ya pili bibi akamshika mkono hadi kaburini.